Kichwa kimetoka, bega limegoma

Mama anasukuma, kichwa cha mtoto kinatoka, chumba kizima kinashusha pumzi. Halafu badala ya mwili kufuata, mashavu ya mtoto yanarudi ndani na kubana kwenye msamba, kama kobe anayerudisha kichwa kwenye gamba. Mkunga mzoefu akiiona dalili hiyo hasubiri kuthibitisha. Bega la mbele limekwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama.

Hali hii huitwa kukwama kwa mabega. Hutokea katika uzazi kama 6 au 7 kati ya 1,000 wa njia ya kawaida. Mfupa ndio unaozuia, si nyama, na ndiyo maana kuvuta kichwa kwa nguvu hakusaidii. Kinachovutika ni mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi.

Kina mama wengi hutuuliza kliniki kama hali hii inaweza kujulikana mapema. Viashiria vipo. Aliyewahi kukwamiwa mabega yuko juu ya orodha. Kisukari nacho ni kizito, kwa sababu mtoto wa mama mwenye kisukari hunenepa zaidi mabegani na kifuani kuliko kichwani, hivyo hata akiwa na uzito sawa na mwenzake, hatari yake ni mara 2 hadi 4. Kuna pia mtoto mkubwa, hasa wa zaidi ya kilo 4.5, unene wa mama, uchungu unaosuasua, na mtoto kutolewa kwa vakyumu, kifaa cha kumvuta kichwani. Lakini karibu nusu ya visa hutokea kwa watoto wasiofika hata kilo 4, na kipimo cha utrasaundi kinaweza kukosea uzito kwa asilimia 10 au zaidi. Kwa hiyo viashiria hutusaidia kuamua nani ajifungulie palipo na chumba cha upasuaji, na kwa mama mwenye kisukari ambaye mtoto anakadiriwa kufika kilo 4.5, kuzungumzia upasuaji kabla ya uchungu. Havituambii usiku gani bega litakwama.

Nitaeleza hatua kwa mfano nilioutunga kutokana na mambo tunayoyafundisha. Mama ana mimba ya tatu. Mtoto wake wa pili alikuwa na kilo 4.1, huyu amekadiriwa kilo 3.8, sukari yake ni ya kawaida. Kichwa kinatoka saa 9:14 usiku na kurudi ndani.

Mkunga anasema kwa sauti, "Mabega yamekwama," ili kila aliyepo ajue anakimbilia nini. Anaita mkunga mwingine, daktari, na mtu wa kumhudumia mtoto. Mmoja anashika saa na kalamu, wala hafanyi kazi nyingine. Kwa mama anasema, "Mama, acha kusukuma kwanza, lala chali, tunakusaidia." Hakuna anayepanda kukandamiza tumbo kwa juu. Tabia hiyo bado ipo, na ningependa ife: hulisukuma bega zaidi kwenye mfupa na inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Hatua ya kwanza inaitwa McRoberts. Wasaidizi wawili wanakunja miguu ya mama hadi mapaja yakaribie tumbo. Nyonga inageuka, mgongo wa chini unanyooka, na mara nyingi bega linateleza lenyewe. Haihitaji kifaa chochote, na peke yake hufanikiwa katika visa vingi. Mkunga anajaribu kumtoa mtoto kwa mvuto wa kawaida, ulionyooka na shingo yake. Bado.

Miguu ikiwa imekunjwa vilevile, msaidizi anaweka kiganja juu kidogo ya mfupa wa kinena na kukandamiza kutoka upande ulipo mgongo wa mtoto, kwenda chini na pembeni, kwa sekunde 30 hivi. Anataka bega likunjamane kuelekea kifuani ili upana wake upungue. Uso wa mtoto umegeukia paja la kulia la mama, kwa hiyo mgongo uko kushoto, na msaidizi anasimama kushoto. Akikosea upande, anaweza kulipanua bega badala ya kulipunguza.

Bado. Sasa mkono unaingia ndani, kwa nyuma, upande wa haja kubwa, ambako pana nafasi. Kuongeza njia hufanywa hapa tu, na kwa sababu moja: mkono wa mkunga upate pa kupita. Anaweza kuyazungusha mabega yakae mshazari, au kuutafuta mkono wa nyuma wa mtoto na kuutoa kwa kuupitisha mbele ya kifua. Mama anayeweza kugeuka anaweza pia kupiga magoti na kushika kitanda kwa mikono. Mkunga wetu anachagua mkono wa nyuma, ambao hapa ni wa kushoto. Unatoka, mwili unafuata. Ni saa 9:17. Zipo hatua za mwisho kabisa, kama kurudisha kichwa ndani na kwenda upasuaji, lakini ni nadra kufikiwa.

Mtoto ana kilo 4.2. Analia baada ya kusaidiwa kupumua, ila mkono wake wa kulia umelala umenyooka, umegeukia ndani, na haushtuki kama wa kushoto.

Hapo ndipo maandishi yanapopata uzito. Sentensi kama "mabega yalikwama, mtoto akatolewa" haimsaidii yeyote. Faili linapaswa kuonyesha muda kichwa kilipotoka na muda mwili ulipotoka, 03:14 na 03:17. Nasisitiza mfumo wa saa 24 kwa makusudi: sisi tunasema saa tisa, mwingine anaandika 9:14, na atakayesoma baadaye ataona asubuhi. Inaandikwa uso ulielekea wapi na bega lipi lilikuwa mbele. Kila hatua inaandikwa kwa mpangilio wake, nani aliifanya, muda gani, na mvuto ulikuwaje. Wanaandikwa waliofika na dakika waliyofika.

Bega la mbele lilikuwa la kulia, na mkono uliolegea ni wa kulia: vinaoana. Kama uliolegea ungekuwa wa kushoto, daktari angefikiria zaidi kuvunjika kwa mfupa wakati mkono ule ukitolewa, au jeraha la mishipa ya fahamu lililotokea bila kuvutwa na mtu. Bila upande kuandikwa, anabaki kukisia.

Kwa mtoto huandikwa pia alama za Apga zinazopima hali yake mara tu anapozaliwa, kipimo cha damu ya kitovu palipo na maabara, na uchunguzi wa mikono na mfupa wa mtulinga. Kwa mama, kiasi cha damu na hali ya msamba, maana kutokwa damu nyingi na kuchanika vibaya hufuata hali hii mara kwa mara. Kilichoongezwa baadaye kiandikwe kuwa kimeongezwa baadaye, na saa yake.

Mkono uliolegea kama huo mara nyingi hupona. Ila mtoto ambaye hajaanza kukunja kiwiko akifikisha miezi 3 anapaswa kuonwa na mtaalamu wa mishipa ya fahamu au upasuaji wa mikono, asiendelee kusubirishwa nyumbani.

Mama anaelezwa yote haya kabla ya kuruhusiwa, akiwa na mwenzi wake au ndugu akitaka. Kwenye kadi yake kunaandikwa: mabega yalikwama, bega la kulia mbele, dakika 3, mkono wa nyuma ulitolewa, kilo 4.2. Akibeba mimba nyingine, hata akiwa mji mwingine, kadi hiyo ndiyo ya kuonyesha siku ya kwanza ya kliniki.