Ufunguo Wenu Haumzuii Aliyepewa Ruhusa

Kwa mara nyingine nimeletewa waraka wa usalama wa shirika la akiba na mikopo la hapa Lubumbashi, na kwa mara nyingine nimekuta sentensi ileile: data zote zimesimbwa kwa ufunguo wa shirika lenyewe, kwa hiyo hata mtoa huduma wa wingu hawezi kuzisoma, sembuse mwizi. Sentensi hiyo ina makosa mawili, na yote mawili ni ya hatari, kwa kuwa anayeiamini huacha kazi iliyobaki bila kufanywa.

Upande wa data zinazosafiri nitaumaliza upesi. Mtunza fedha wa tawi la Kasumbalesa anapofungua ukurasa wa mteja, safari ya data hulindwa na TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano ya mtandao, ambayo funguo zake hukubaliwa upya kwa kila kikao na kutupwa baadaye, wala hazihusiani hata kidogo na ufunguo mnaoulipia katika wingu. Ninachokuta kimeharibika mara nyingi ni kipande cha mwisho cha njia, yaani pale programu inapozungumza na hifadhidata. Katika PostgreSQL, programu ikiachwa na `sslmode=prefer`, ambayo ndiyo chaguo-msingi, itakubali kuendelea bila usimbaji seva isipoutoa. `require` hulazimisha usimbaji lakini peke yake haihakiki kwamba seva iliyojibu ndiyo yenyewe. Kinachostahili kuandikwa ni `verify-full`, ambayo husimba na pia huihakiki seva. Ufunguo wenu ungeweza kuwa bora kuliko yote duniani, na kipande hicho kikabaki wazi.

Sasa tuje kwenye data zilizolala, ambako ndiko fujo iliko. Tuchukue faili moja, `wateja.csv`, linalopelekwa kwenye S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili, katika kanda ya Cape Town. S3 huiomba huduma ya funguo, KMS, ufunguo wa data. KMS hurudisha nakala mbili za ufunguo huo: moja iko wazi, nyingine imefungwa kwa ufunguo mkuu, yaani ule ambao waraka unauita wa shirika, ambao hautoki ndani ya KMS ukiwa wazi. S3 husimba faili kwa ile nakala iliyo wazi, kwa AES yenye biti 256, kisha huitupa na kuhifadhi ile iliyofungwa pamoja na faili. Siku ya kusoma, S3 huipeleka nakala iliyofungwa kwa KMS, KMS huangalia kama anayeomba ana ruhusa, na akiwa nayo, faili husimbuliwa hukohuko na kumfikia likiwa linasomeka.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame. Mwizi aliyepata nenosiri la mtunza fedha haleti diski iliyoibwa. Analeta ruhusa halali, na mfumo unamsimbulia kama unavyomsimbulia mwenye nenosiri. Usimbaji wa data zilizolala humzuia anayeondoka na diski, au anayefikia nakala ghafi bila kupitia mlango wa huduma. Kwa aliyeingia mlangoni, swali pekee ni nani ameruhusiwa kuuamuru ufunguo ufanye kazi.

Na hilo ndilo linalotenganisha ufunguo unaosimamiwa na mteja na ule unaosimamiwa na mtoa huduma. Nguvu ya usimbaji ni ileile. Ufunguo wa mtoa huduma uitwao `aws/s3` una sera isiyoweza kubadilishwa, inayomkubali yeyote katika akaunti aliyeruhusiwa kutumia S3. Kwa hiyo mhasibu mwenye `s3:GetObject`, ruhusa ya kusoma faili, peke yake atalisoma faili lile. Likiwa limesimbwa kwa ufunguo wa mteja, mhasibu huyohuyo atapata `AccessDenied` mpaka apewe pia `kms:Decrypt`, ruhusa ya kuutumia ufunguo kusimbua. Sasa ruhusa ni mbili, na zinaweza kuwa mikononi mwa watu wawili tofauti. Faida hiyo, pamoja na uwezo wa kuuzima ufunguo wenyewe, ndiyo mnayoilipia dola 1 kwa mwezi.

Tatizo ni kwamba mashirika mengi huulipia na kuuacha na sera yake ya kuanzia, ambayo huikabidhi akaunti nzima mamlaka ya kugawa ruhusa za ufunguo. Chini ya sera hiyo, kila mwenye `AdministratorAccess`, yaani ruhusa zote za usimamizi wa akaunti, anaweza kusimbua. Katika shirika dogo, hao ni fundi, msaidizi wake, na mara nyingi fundi aliyeondoka mwaka uliopita. Kuibana sera kunawezekana, lakini kufanywe kwa uangalifu, kwa sababu ukimwondoa kila msimamizi, ufunguo utabaki hauna wa kuurekebisha na itabidi mwombe msaada kwa Amazon.

Kabla ya kubishana na mimi, tafadhali hakikisheni kwanza mnautumia ufunguo gani. Kuona `aws:kms` katika maelezo ya faili hakutoshi, maana neno hilo huonekana kwa aina zote mbili. Ulizeni ufunguo wenyewe, mkiweka kitambulisho chake mahali pa `KITAMBULISHO`:

```
aws kms describe-key --key-id KITAMBULISHO \
  --query KeyMetadata.KeyManager
```

Jibu `CUSTOMER` lamaanisha ni wenu. `AWS` lamaanisha si wenu. Kumbukeni pia kwamba kubadilisha ufunguo wa hifadhi hakuyagusi mafaili ya zamani. Hayo hubaki chini ya ufunguo wa awali mpaka yanakiliwe upya.

Uwezo wa kuuzima ufunguo huja na uwezo wa kujiangamiza. Ukiagiza ufunguo ufutwe, KMS husubiri kati ya siku 7 na 30, na katika muda huo ufunguo haufanyi kazi, ili anayeuhitaji ashtuke. Mpango huo ni mzuri kwa mafaili yanayosomwa kila siku. Nakala za akiba za mwaka juzi, hata hivyo, hakuna anayezifungua ndani ya siku 30, wala kumbukumbu za matumizi ya karibuni hazitazionyesha; siku zikiisha, nakala hizo zimekufa na Amazon haiwezi kuzifufua. Mimi hushauri ufunguo uzimwe tu na ukae hivyo kwa miezi mingi, ingawa ufunguo uliozimwa bado hulipiwa.

Limebaki lile dai la kwamba mtoa huduma hawezi kusoma. Ufunguo mkuu umo katika mashine zake, na wakati wa kusimba na kusimbua, ufunguo wa data na data zenyewe hupita wazi katika kumbukumbu ya seva zake. Amazon imeijenga KMS ili wafanyakazi wake wasiweze kuutoa ufunguo huo, na ujenzi huo hukaguliwa na watu wa nje. Ninauamini kwa kazi nyingi. Lakini hiyo ni imani juu ya muundo na ukaguzi, na waraka wa usalama uiseme hivyo.

Anayetaka zaidi ya hapo hana budi kusimba hapa Lubumbashi kabla data hazijatoka, na kuutunza ufunguo mwenyewe. Nasita kulishauri hilo kwa shirika lenye fundi mmoja, kwa sababu naona uwezekano wa kuupoteza ufunguo ni mkubwa kuliko ule wa Amazon kuyasoma majina ya wateja, na kutafuta jina ndani ya data iliyosimbwa namna hiyo huwa kugumu. Kwa shirika hili nimependekeza picha za kadi za mpiga kura peke yake zisimbwe kabla ya kuondoka, ufunguo wake uhifadhiwe mahali pawili na watu wawili, na mengine yote yakae chini ya ufunguo wa mteja wenye sera iliyobanwa, huku ile sentensi ikifutwa kwenye waraka.