Choo Kisichojaa: Maswali ya Ploti za Kisauni

Sista, choo chetu cha shimo kina miaka 15 na hakijawahi kujaa. Si ndio choo kizuri?

Hapana. Najua jibu hili haliwapendezi wenye nyumba, lakini hapana.

Tupige hesabu ya ploti moja niliyoifika, ya vyumba 6 na watu 24, watoto wakiwemo. Shimo ni la duara, upana mita 1.5, kina mita 4. Ukiacha nusu mita ya juu, ambayo hairuhusiwi kujazwa, shimo hilo linabeba kama lita 6,200. Mtu mmoja huacha shimoni lita 40 za tope kwa mwaka. Watu 24 wataacha lita 960. Kwa hiyo shimo lile lilitakiwa kujaa baada ya miaka 6 na nusu. Kwa miaka 15 limepokea lita 14,400.

Basi zile lita 8,000 ziko wapi? Hazikuyeyuka. Kisauni sehemu nyingi tumekaa juu ya matumbawe, na matumbawe yana nyufa na mapango. Shimo lako limetobokea chini, na kinachotoka humo kinasafiri na maji ya chini ya ardhi, yale yale mnayoteka kisimani hatua chache kutoka hapo.

Hilo tope ni nini hasa? Mbona lita 40 ni chache mno?

Tope ni kile kinachobaki baada ya maji kunywea ardhini na vijidudu kula sehemu kubwa ya kinyesi. Ndiyo maana ni kidogo: kama lita 0.11 kwa mtu kwa siku, hata glasi haijai.

Kipimo hicho ni cha choo chenye maji ndani na watu wanaochamba kwa maji, kama tulivyozoea Pwani. Wakitumia magazeti magumu, mawe au vitu visivyooza, hesabu lita 60. Shimo likiwa kavu na bado linatupiwa vitu hivyo, hesabu 90. Na pampasi na pedi, tafadhali, tafuteni pa kuzitupa. Haziozi, na bomba la gari la eksosta linaziba kwa ajili yake, halafu mnamlaumu dereva.

Hesabu yenyewe naifanyaje bila fundi?

Zidisha mambo matatu: watu, tope la siku, na siku zote mpaka utakapolinyonya.

```
lita = watu × 0.11 × 365 × miaka
```

Watu ni wale wanaokitumia kweli, si familia yako tu. Hapa ndipo ninapogombana na wenye nyumba. Mtu anachimba shimo la watu 8 kwa miaka 10, yaani lita 3,200. Kisha anaongeza vyumba, wanaingia watu 24. Shimo ni lile lile, lakini sasa ni la miaka 3 na miezi 4. Mwaka wa nne choo kinatapika uani, na yeye anasema wapangaji wanamwaga maji mengi.

Tena, ukipanga kunyonya kila mwaka mmoja, ongeza nusu ya hesabu, kwa sababu tope halijapata muda wa kuoza na kushikana. Hapo watu 24 wahesabie lita 1,440 kwa mwaka, si 960.

Maji ya kisima chetu ni meupe, hayanuki, na wazee wetu waliyanywa. Yana ubaya gani?

Wazee wenu walikuwa wangapi kwenye ploti hiyo? Na vyoo vilikuwa vingapi?

Maji kuwa meupe si maji kuwa salama. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho wala havina harufu. Udongo wa kawaida huyachuja maji yanapopita polepole. Ufa wa matumbawe hauchuji kitu. Kwa hiyo mita 30 kati ya choo na kisima, ambazo kwingine hutosha, kwetu huenda zisitoshe, na ploti nyingi hata mita 10 hazina.

Masika ndiyo mbaya zaidi. Maji ya ardhini yanapanda, yanafika shimoni, na kilichokuwa chini kinaelea. Basi naona watoto wa ploti moja wakiletwa siku moja baada ya nyingine, na mama kila mmoja anasema mwanawe ameota meno. Meno hayaambukizi nyumba nzima, mama.

Choo kisichojaa na kisima kilicho karibu: hayo mawili yakikutana, maji hayo ni ya kuchemsha mpaka yatokote au kutiwa klorini kabla ya kunywa. Na mtu akihara maji kama ya kuoshea mchele, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti papo hapo na mlete siku hiyo hiyo, si baada ya kujaribu tembe za duka. Kipindupindu humaliza mtu kwa saa chache.

Nimeambiwa nimwage asidi ya betri au mafuta ya taa ili kishuke.

Utaua vile vijidudu vinavyokula tope, kisha kijae haraka zaidi. Na hiyo asidi nayo itafuata njia ile ile ya kisimani. Usimwage. Wala usimshushe kijana ndani na ndoo: hewa ya mle inaua, na anayemfuata kumuokoa naye hufa.

Sisi tuna septiki, hayo hayatuhusu, au sivyo?

Yanawahusu. Septiki ya choo peke yake hukusanya kama lita 25 za tope kwa mtu kwa mwaka. Watu 24 kwa miaka 3 ni lita 1,800. Juu ya hapo lazima ibaki nafasi ya maji ya siku nzima ili uchafu uzame. Kila mtu akitia lita 40 kwa siku, ongeza 960, jumla 2,760. Usipoinyonya, tope linakula nafasi ya maji, na kinyesi kinapita moja kwa moja hadi kwenye shimo la pili, lile ambako maji ya septiki hunywea ardhini. Ukiliona shimo hilo linafurika wakati septiki iko kimya, ujue umechelewa.

Basi shimo jipya la watu 24 nichimbe kina gani?

Kwa miaka 3 unahitaji lita 2,880. Shimo la upana wa mita 1.5 litataka tope la mita 1.63, jumlisha nusu mita ya juu, ni mita 2.1. Sasa pima maji ya kisima wakati wa masika, si kiangazi. Chini ya shimo ibaki angalau mita 1.5 kabla ya maji. Maji yakiwa mita 3 kutoka juu, shimo hilo halifai.

Usichimbe chini zaidi, panua. Kwa upana wa mita 2, kina kinashuka hadi mita 1.4 hivi, na chini yake inabaki mita 1.6. Usilizibe lote kwa simiti ukitumia hesabu hii: maji yasipotoka, watu 24 wakitia lita 10 kila mmoja, litajaa kwa siku 12. Na kisima cha jirani bado msikinywe bila kuchemsha.

Likishaanza kutumika, kila miezi sita teremsha ufito mrefu. Tope likibakiza nusu mita kufika juu, ita gari. Miaka 2 ikipita, tope linatakiwa kuwa karibu sentimita 60. Ukikuta 20 tu, usishukuru.