Neno "hata" lilivyomkwamisha mwanafunzi wangu

Mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyekuwa namsaidia jioni alifika na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, riwaya ya mwaka 1951. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa penseli: kila neno gumu limepigiwa mstari, juu yake maana aliyoitoa kwenye kamusi. "Mwalimu, maneno yote nimeyatafuta, lakini sielewi kinachoendelea."

Nikamtungia sentensi yangu mwenyewe kwa Kiswahili cha namna ile: *Hata jua lilipokuchwa, jamii ya wajumbe walikwisha kusanyika barazani, wala hapakuwa na aliyethubutu kunena.* Akakimbilia kamusi kutafuta "kuchwa" na "kunena". Hayo mawili yangejieleza yenyewe: jua hufanya nini jioni, na watu waliokusanyika barazani wangeogopa kufanya nini? Nilipomwambia anisimulie, akasema kuna jamii fulani, labda kabila, ya wajumbe, na kwamba "hata jua" nalo lilizama.

Kilichomwangusha ni maneno anayoyajua. "Hata" hapo si ile ya "hata mimi". Maana yake ni "mpaka" au "basi ikawa". "Jamii ya wajumbe" ni wajumbe wote. Mwanafunzi hasimami kwenye neno analolitumia kila siku, kwa hiyo kamusi haimwokoi. Dalili ya tatizo hili ni hiyo: anasema maneno yote anayajua, lakini usimulizi wake unakwenda kombo.

Tukabadili utaratibu. Anasoma aya nzima kwa sauti, penseli mezani. Kisha anafunga kitabu na kunisimulia kwa Kiswahili cha kwenye daladala: nani kafanya nini. Usimulizi ukikatika, tunarudi pale pale ulipokatikia, tunatafuta kitenzi kikuu, halafu tunalishuku kwanza neno jepesi lililo jirani nacho. Kamusi inafunguliwa mwisho, na hapo hatuishii kwenye maana ya kwanza. Ya zamani mara nyingi imejificha chini. Tukishapita mara mbili bila kuelewa, namsimulia mimi tukio lile tuendelee. Kuganda kwenye aya moja jioni nzima kunaua hamu ya kusoma.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho si cha msamiati. Karama, mhusika mkuu wa riwaya aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea barazani kwa kusimulia visa vya wajumbe sita, kwa hiyo msomaji husahau kwamba bado tuko mahakamani. Nilimpa karatasi ya alamisho yenye mistari miwili: *Nani anasema sasa? Anamsimulia nani?* Anaijibu kila anapofungua kitabu. (Miongozo ya mtihani humpa majibu haya tayari, ndiyo maana siipendi.)

Tulipofika kwa mjumbe wa tatu, mwanafunzi alisimama mwenyewe kwenye neno "tena". "Mwalimu, hii ni ya kurudia, au ni 'halafu'?" Tukaisoma aya upya.