Saa ya rubani haijaharibika, mama

Juzi bi mkubwa mmoja wa Kisauni alinisimamisha pale Mwembe Tayari, anajua mimi nafanya kazi kwenye ofisi inayopokea mipango ya safari za ndege, akanitolea simu. Mwanawe alikuwa amesafiri kwenda Dubai, ndege ilipotua na kuegeshwa keptini akamruhusu achungulie kokpiti na kijana akapiga video. Kwenye video saa ya ndege inasoma 03:20. Na kijana anasema mle ndani walitangaziwa wanatua saa moja na dakika tano asubuhi, na huku Kisauni mama alikuwa anaangalia saa ya ukutani, saa kumi na mbili na dakika ishirini. "Mwanangu, hiyo ndege ina saa mbovu na mnaiacha iruke?"

Haina ubovu wowote. Ile saa ya mbele huwa inafuata wakati mmoja wa dunia nzima, unaitwa UTC, na marubani wenyewe husema tu "zulu" kwa sababu huandikwa na herufi Z mwishoni na kwenye redio Z hutamkwa Zulu. Kenya tuko mbele ya huo wakati kwa saa 3, Dubai kwa saa 4. Kwa hivyo 03:20 ya kokpiti ni 06:20 kwetu na 07:20 Dubai, dakika ni ileile moja, majina ndio matatu.

Sasa kwa nini wasitumie tu saa za Nairobi wakitoka na saa za Dubai wakifika, kama simu inavyojibadilisha? Fuata hiyo safari uone. Ndege inatoka hapa uwanja wa Moi, Mombasa, inaongozwa na Nairobi, halafu inaingia anga ya Mogadishu, na kutegemea njia waliyopewa inaweza kupita eneo la Bahari ya Arabia linalosimamiwa na Mumbai kabla ya kuingia Maskati na mwishowe Imarati. Mogadishu ni +3 kama sisi, Maskati +4, lakini India ni saa 5 na nusu mbele. Hiyo nusu ndiyo yenye balaa, na nitakwambia kwa nini.

Huko juu ya bahari hakuna rada inayofika, kontrola haoni kitu, anajua ndege iko wapi kwa yale anayoambiwa. Rubani anasema nimepita alama fulani wakati huu, nategemea alama inayofuata wakati ule. Ndege mbili zikifuatana njia moja kimo kimoja bila rada, kontrola anaziachanisha kwa dakika, kawaida dakika 15, au 10 pale ambapo vifaa vya urambazaji vinaruhusu. Hakuna ukuta wala mstari angani, ni hizo dakika tu. Na mazoea kwenye redio mkiwa ndani ya saa moja ni kutaja dakika peke yake, rubani anasema "hamsini" basi, kila mtu anaelewa. Sasa chukua kontrola wa Mumbai anayesoma saa ya nyumbani kwake, dakika ya 50 ya zulu kwake ni dakika ya 20, nusu saa nzima imepotea katikati ya neno moja tena kwenye redio ya masafa marefu inayokwaruza. Wote wakisoma zulu, hamsini ni hamsini. Ndio maana hata saa za vituo vya kuongozea ndege kanuni inataka zisipishane na UTC zaidi ya sekunde 30, na pale wanapotumiana ujumbe wa data badala ya sauti inabana mpaka sekunde 1.

Lakini kosa ninaloliona mimi ofisini mara nyingi zaidi ni la tarehe, saa watu wanaziweza. Ile ndege ya kijana tuseme iliondoka hapa saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, kwenye tiketi inaandikwa 01:15 tarehe 17. Toa 3, unapata 22:15, na hapo umerudi nyuma ya usiku wa manane, kwa hivyo kwa rubani bado ni Ijumaa tarehe 16. Kwenye mpango wa safari tunategemea kuona hivi, HKMO ndio jina la uwanja wetu na DOF ni siku ya kuruka:

```
HKMO2215
DOF/250516
```

Kuna siku jamaa wa ndege ya kukodiwa alijaza kama tiketi inavyosema, yaani kwa mfano wetu angeandika 0115 na tarehe 17. Rubani akawasha redio akaomba ruhusa, mnara ukamwambia mpango wako tunao lakini ni wa masaa matatu yajayo, manake 0115 ya zulu ni saa kumi na robo alfajiri kwetu. Abiria wamekaa, milango imefungwa, injini ya mkia inaunguruma, na sisi tunatuma ujumbe wa kurekebisha. Namna ya kulishika kosa hili mapema ni rahisi, kama unaondoka kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku za hapa, tarehe ya zulu LAZIMA iwe ya jana, ukiona imelingana na ya tiketi simama. Ripoti ya hewa nayo inasomwa vivyo hivyo, ukikuta `162200Z` ni tarehe 16 saa 22:00 zulu, rubani mchanga anaweza kuitupa akidhani ni ya jana na kumbe ni ya saa moja asubuhi... hapana ngoja, saa saba kamili usiku huu huu, robo saa tu kabla hajaruka. Unaona hata mimi mwenyewe.

Huku nyuma kwa abiria habari ni nyingine. Abiria haongei na Mumbai, yeye anataka kujua anayempokea atafika saa ngapi, ndege ya kuunganisha inaondoka lini, alfajiri aisali kabla au baada ya kutua. Ukimtangazia 0305 zulu utakuwa umemwachia hesabu. Kwa hivyo keptini humpa mkuu wa wahudumu muda wa kutua, huyo anaongeza 4 za Dubai ndipo anashika maikrofoni, na hapo ndipo wakati mwingine unasikia saa imetangazwa kisha inasahihishwa, mtu kaongeza 3 kwa mazoea.

Kwa Ulaya ni zaidi, kule saa zinasogezwa mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi, ikifika saa 01:00 UTC, Ujerumani inaruka kutoka +1 kwenda +2. Ndege ikiwa angani kuelekea Frankfurt dakika hiyo, tangazo la nyuma linabadilika kwa saa nzima na saa ya mbele haishtuki.

Mama hesabu za kutoa tatu hazikumwingia, nikamwambia basi anza na saa yako ya Kiswahili. Saa kumi na mbili na ishirini asubuhi, ongeza tatu, ni tatu na ishirini, hiyo ndiyo ya rubani. Ongeza tatu tena, sita na ishirini, hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye simu yako. Zulu imekaa katikati kabisa ya saa yetu ya Kiswahili na saa ya simu, mchana na usiku. Akahesabu kwa vidole mara mbili, akaniuliza, "Sasa mbona hiyo ya rubani ndio iko karibu na yetu?"