Haifunguki hapa, inafunguka kwingine: je, imezuiwa?

Dhana: Tovuti isipofunguka Dar es Salaam lakini ikafunguka Frankfurt, basi nchi imeizuia.

Huo ni mwanzo wa uchunguzi tu. Programu ya OONI Probe, inayopima kama tovuti zimezuiwa, huuliza DNS anwani ya tovuti, hufungua muunganisho, huanzisha usimbaji wa TLS, kisha huomba ukurasa. Seva iliyo nje ya nchi hupima tovuti hiyohiyo ili pawe na cha kulinganisha. Majibu yakitofautiana, kipimo hupewa alama ya `anomaly`, yaani kuna jambo la kuchunguza. Tovuti yenyewe huweza kukataa wageni wa nchi fulani. Ukipata jibu la 403, yaani huruhusiwi, kupitia TLS yenye cheti halali, aliyefunga mlango ni mwenye nyumba.

Dhana: Anwani za IP za hapa na za nje zikitofautiana, DNS imedanganywa.

Tovuti kubwa zina seva sehemu nyingi, na kila mtu huelekezwa kwa iliyo karibu naye. Angalia kama anwani uliyopewa inatoa cheti halali cha tovuti hiyo. Ikitoa, DNS haina kosa.

Dhana: Anwani ni sahihi na muunganisho umefunguka, kwa hiyo hakuna kizuizi.

Hapa ndipo wengi hupotea. TLS inapoanza, jina la tovuti kwa kawaida husafiri waziwazi, na kifaa cha mtoa huduma kinaweza kulisoma na kukata mawasiliano hapohapo. Tuseme unashuku x.com. Peleka jina hilo kwenye seva ya tovuti nyingine:

```
curl -vk --connect-to ::www.example.com:443 https://x.com/
```

Kisha fungua `https://www.example.com/` kama kawaida. Hii ikifunguka, huku amri ya kwanza ikinyamaza au kukatwa mara tu baada ya `Client hello`, ujumbe wa kwanza wa TLS unaobeba jina hilo, jina ndilo linaloshukiwa. Lakini usihukumu bado, kwa sababu seva hiyo nayo inaweza kukataa jina isilolijua. Rudia amri ileile kutoka nje ya nchi. Kule ikijibiwa, hata kwa ujumbe wa kosa, na kwako ikanyamaza kila unaporudia, kuna mtu njiani anayesoma majina. Jaribu na laini ya kampuni nyingine pia, maana kizuizi cha mtoa huduma mmoja si lazima kiwe cha nchi nzima.

Na uzime VPN kabla ya kupima. Ikiwa imewashwa, unapima mtandao wa huko inakotokea, si wa kwako.

Dhana: Vipimo visipoonyesha tatizo, mtandao ulikuwa salama.

Uganda ilizima intaneti nzima jioni ya 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi. Kipimo huhitaji njia ya kutoka, na njia haikuwepo. Katika hali hiyo dalili ni ukimya wenyewe: vipimo vya kila siku kukoma ghafla kwa kampuni zote kwa wakati mmoja. Mtandao uliporudi tarehe 18, Facebook ilibaki imefungwa, na hilo liliweza kupimwa tena kutoka ndani.