Kengele ya dawa: isikike bila kukurusha roho

Malalamiko yanayozidi kufika kwenye kliniki yetu ya kifua kikuu ni ya aina mbili. Ama kengele ya simu haikusikika, ama ilimshtua mgonjwa kila asubuhi hadi akaifuta. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kila siku kwa miezi 6, kwa hiyo mlio lazima uvumilike.

Tuchukue mchuuzi wa nguo wa soko la Owino, Kampala, mwenye miaka 60, anayemeza vidonge kabla ya chai, saa 12:30 asubuhi. Kwenye simu ataandika 06:30. Hili tumelisema mpaka tumechoka: simu haihesabu saa kama sisi. Aliyekusudia saa 2 usiku akaandika 2:00 ataamshwa usiku wa manane, halafu simu ndiyo italaumiwa.

Mlio usifanane na ule wa WhatsApp. Sauti inayolia mchana kutwa kwa salamu na vichekesho, sikio huizoea likaacha kuijali. King'ora nacho hakihitajiki. Mtu akizeeka, sauti nyembamba kama za ndege ndizo hutangulia kupotea masikioni, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa mdundo mzito wa ngoma. Mzee wetu achague sauti ya katikati, kama ya marimba. Ikiwa programu yake ya saa ina Gradually increase volume, aiwashe ili mlio uanze chini na kupanda polepole. Kwenye simu za Android, kuongeza sauti ya kupigiwa simu hakuongezi ya kengele, maana kengele ina mstari wake, Alarm volume, ndani ya Settings.

Mtetemo hufa ndani ya godoro. Simu ikae juu ya kigoda cha mbao, hatua mbili kutoka kitandani; hapo mbao yenyewe itanguruma. Anayemeza dawa akiwa njiani asiutegemee, kwani juu ya boda boda mtikisiko wa injini huufunika.

Kwenye Label aandike "Chai", si jina la ugonjwa, kwa sababu maandishi hayo huonekana hata simu ikiwa imefungwa. Kwa kliniki zinazotuma ujumbe, hili si suala la adabu tu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data maalumu, na kuzitoa kinyume cha sheria ni kosa linaloweza kumfikisha mtu jela. Pateni ridhaa ya mgonjwa kwanza, iwekeni kwenye faili, kisha andikeni kwa upole: "Habari za asubuhi. Saa yako ya kawaida imefika." Herufi kubwa na alama tatu za mshangao humfanya mtu aogope kufungua ujumbe.

Kengele ikilia, asiizime kabla ya kumeza, abonyeze Snooze. Akijikuta anaahirisha siku tatu mfululizo, tatizo ni saa aliyoichagua, si mlio. Azungumze na muuguzi wapange saa nyingine, bado kabla ya kula.