Neno "kuvunja" kwenye mkataba wa kazi, na ninavyolipeleka Kiingereza

Kijana mmoja alinijia ofisini hapa Mwanga, Kigoma, na karatasi mbili. Ni fundi majokofu, amehudumia vyumba vya baridi vya samaki kule Kibirizi kwa miaka miwili, na sasa amepata kazi Omani. Karatasi ya kwanza ilikuwa mkataba wake wa zamani, wa Kiswahili. Ya pili ni tafsiri aliyofanyiwa kwenye duka la stesheneri. Mwajiri mpya ameisoma, kisha akamuuliza kwa nini alivunja mkataba.

"Mama, mimi sijavunja kitu," aliniambia. "Nilitoa notisi, nikamaliza siku zangu, tukaagana vizuri."

Yule wa stesheneri hakukosea kamusi, alikosea sheria. Sisi huku tunasema "kuvunja mkataba" hata pale watu wanapoachana kwa heri. Kiingereza cha mikataba hakichanganyi hayo: kuna neno la kuufikisha mkataba mwisho, na kuna neno la kuukiuka, na hili la pili lina hatia ndani yake. Ukichukua "kuvunja" ukalipeleka neno kwa neno, msomaji wa Omani anaona mtu mkosaji.

Mkataba wenyewe ulikuwa na "kuvunja" mara tatu. Kwanza: "Mfanyakazi atakuwa kwenye kipindi cha matazamio cha miezi sita, na asiporidhisha mkataba utavunjwa." Kisha: "Baada ya kuthibitishwa, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 28, au kwa kulipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya taarifa." Na mwisho: "Mfanyakazi akivunja mkataba huu kwa wizi au ulevi kazini, ataachishwa kazi mara moja."

Ninachoangalia ni kinachofuata baada ya neno. Kwenye sentensi ya pili inafuata taarifa au malipo, kwa hiyo huo ni mwisho halali, na pande zote mbili zina haki nao. Kwenye ya tatu inafuata adhabu, basi hapo ndipo neno la kukiuka linakaa mahali pake. Ya kwanza ndiyo iliyonichelewesha. Kutoridhisha kwenye matazamio si kosa la nidhamu, kwa hiyo nimeandika kumalizwa. Mtenda hakutajwa, nami sikumtaja: "utavunjwa" imebaki bila mtu, kama alivyoiacha mwandishi. Kumtaja mwajiri hapo kungekuwa kuandika mkataba mpya.

"Matazamio" nayo ina mtego, maana kamusi inaweza kukupeleka kwenye matarajio. Hapo kinachosemwa ni kile ambacho maofisini tunakiita probesheni. "Kuthibitishwa" ni mtu kukubaliwa rasmi kwenye nafasi yake. Haihusiani na kuhakiki vyeti, ingawa tafsiri ya stesheneri ilisema hivyo hivyo.

Kuhusu taarifa, stesheneri waliandika neno la habari, kama vile mfanyakazi anatakiwa kumpa bosi wake habari za siku 28. Hiyo ni notisi. Hesabu yenyewe siigusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na malipo badala ya notisi yameruhusiwa. Mkataba huu umeweka siku 28 upande mmoja na mshahara wa mwezi upande wa pili. Ukizisawazisha ziwe "mwezi mmoja" kote ili zipendeze, kwa mwezi wa siku 31 umemwongezea mtu siku tatu za kusubiri. Sheria hiyo inataka pia notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Mkataba haukusema hivyo, kwa hiyo tafsiri yangu nayo haisemi.

Tulibishana mahali pamoja tu. Kijana hakuwahi kupewa barua ya kuthibitishwa, akaomba niongeze kasentensi kwamba alithibitishwa. "Si miezi sita ilipita, mama?" Ilipita kweli, lakini mkataba haukusema kwamba muda ukiisha mtu anakuwa amethibitishwa. Mhuri wangu unasema tafsiri inalingana na karatasi iliyo mbele yangu, na kwenye karatasi hiyo sentensi hiyo haipo.

Nikamwambia arudi Kibirizi akaombe cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anapaswa kumpa anayeondoka kazini. Alirudi nacho baada ya siku mbili, kimeandikwa kwa kalamu: "Ameacha kazi kwa hiari yake baada ya kutoa notisi na kuitumikia." "Ameacha kazi" peke yake ingenisumbua, kwani hata aliyetoroka ameacha kazi. "Kwa hiari yake" na ile notisi vilimaliza shaka, nikaandika kujiuzulu, nikaiweka tafsiri ya cheti juu ya tafsiri ya mkataba.